PhD: uombe hapa nyumbani, upeleke wazo lako Uingereza, au usubiri nafasi itangazwe Sweden na Uholanzi?

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana masta ya rasilimali za maji na anafanya kazi na watu wa kuchimba visima, na kwa miezi minane amekuwa akizunguka na faili moja la propozo, kurasa 22, analituma kila mahali. Kalituma kwa maprofesa 14 wa Uingereza, kaliambatanisha kwenye tangazo la Sweden, halafu akalipeleka na idarani kwenye chuo kimoja cha hapa hapa mjini. Uingereza wamemjibu wawili, wote "asante, kwa sasa sina nafasi". Sweden kimya. Hapa nyumbani kaambiwa arudi na kurasa tatu. Jumamosi moja akaja kwangu Ubungo na laptopu yake, tukakaa barazani mpaka magharibi tunafungua imeili moja baada ya nyingine, na nilichokiona ndicho kinachonifanya niandike hapa. Kazi yake haikuwa mbaya hata kidogo, ila alikuwa anafungua milango mitatu kwa ufunguo mmoja.

Kwa hiyo nitaweka njia hizi tatu pembeni kwa pembeni, nikitumia wazo lake yeye kama mfano, kwa ruhusa yake.

Njia ya kwanza ni PhD ya tesisi kwenye chuo cha nyumbani, iwe UDSM, Ardhi, MUHAS, SUA kule Morogoro au Nelson Mandela ya Arusha. Ya pili ni Uingereza, pale ambapo wewe ndio unakuja na wazo, unatafuta msimamizi wa kulibeba, kisha mnatafuta hela. Ya tatu ni Sweden, Uholanzi na Norway, ambako nafasi ya PhD kwa kawaida inatangazwa kama kazi, mradi upo tayari, wanatafuta mtu wa kuufanya. Marekani nimeiacha makusudi maana kule ni mfumo mwingine kabisa, kamati ndio inakupokea, unaanza na kozi na mitihani, na fani nyingi msimamizi unampata ukishaingia, inahitaji maelezo yake peke yake.

Vigezo vyangu ni vinne tu: msimamizi anapatikana lini na kwa njia gani, propozo inatakiwa ifanye kazi gani, kalenda inakwendaje, na hela inatoka wapi. Ubora wa chuo sijauweka kwa sababu kwenye PhD unasoma kwa mtu zaidi ya unavyosoma kwa chuo, na hilo utaliona hapo chini.

Wazo lenyewe

Dogo anataka kujua kwa nini visima vya Kigamboni na sehemu za Temeke vinazidi kuwa na chumvi. Wenyeji tunajua visima vilivyoongezeka sana mjini tangu ukame wa 1997 pale mabomba yalipokauka, na watu wengi jibu lao ni moja tu, bahari inaingia. Lakini yeye kwa kuwa yuko saiti kila siku ameona kitu: kuna visima viko mbali na ufukwe vina chumvi, na vingine viko karibu na bahari maji yake ni matamu. Shaka yake ni kwamba sehemu ya ile chumvi inatoka kwenye vyoo vya shimo na makaro ya maji taka na wala sio baharini. Na inapimika. Maji ya bahari yana uwiano wa kloraidi na bromaidi unaokaribia 290 kwa uzito, maji taka uwiano wake huwa juu zaidi maana chumvi ya mezani ina bromaidi kidogo sana, na ukiona naitreti nayo imepanda kwenye kisima hicho hicho basi choo huenda kinahusika. Ni swali zuri, lina jibu, na jibu lina maana kwa anayetaka kujua achimbe wapi na kwa kina gani.

Sasa shika hilo wazo moja tulipitishe kwenye milango mitatu.

Msimamizi

Hapa nyumbani kwa kawaida chuo ndicho kinachoteua msimamizi, mara nyingi wawili, na uteuzi unapita kwenye vikao. Hiyo inafanya watu wengi waombe bila kuongea na mtu yeyote wakisubiri wapangiwe, na hapo ndipo maombi yanapolala. Idara ikipokea konsepti noti yako, yaani wazo lako kwa kifupi, swali la kwanza kikaoni ni nani hapa anaweza kuisimamia, na kama hakuna anayekujua wala anayejua mada yako, faili linarudi chini. Aliyeenda mapema akaongea na mhadhiri mmoja, akasikilizwa, akarekebisha wazo, siku ya kikao anakuwa na mtu wa kusema "huyu namfahamu, nitamchukua". Uzuri wa hapa unaweza kwenda kwa miguu yako. Angalia ukurasa wa idara nani ameandika nini miaka mitano ya karibuni, mtumie ujumbe mfupi, halafu nenda. Salamu kwanza, mweleze umesoma pepa yake gani, mwombe dakika kumi. Usimuache akusimamie kwa heshima tu, muulize kwa adabu ana wanafunzi wangapi wa PhD sasa hivi na wangapi wamemaliza. Mwenye wanafunzi wengi ambao hawamalizi atakuchelewesha na wewe hata kama ni mtu mwema kiasi gani.

Uingereza msimamizi anatangulia kila kitu. Fani nyingi usipoandika jina la mtu aliyekubali kwenye fomu, maombi yako yanakuwa mepesi sana, na skolashipu ya Jumuiya ya Madola kwa nchi kama yetu inataka kabisa maelezo ya kukuunga mkono kutoka kwa msimamizi unayemtarajia kule. Kwa hiyo ile imeili ya kwanza ndio kila kitu. Ya dogo ilikuwa hivi, nimeiweka kwa Kiswahili: "Mheshimiwa Profesa, natumaini u mzima. Mimi ni kijana kutoka Tanzania mwenye shauku kubwa ya utafiti. Ningeheshimika sana kufanya PhD chini yako. Nimeambatanisha propozo, CV na vyeti." Faili nne, megabaiti 11, na imeili ni ile ile kwa wote 14, wakiwemo wawili wanaofanya mambo ya barafu.

Tukaiandika upya, maneno hayafiki 150. Kichwa cha imeili: "Chumvi kwenye visima vya Dar es Salaam, bahari au maji taka? Swali kuhusu PhD, Oktoba ijayo". Ndani: "Profesa, nimesoma pepa yako ya kutenganisha vyanzo vya chumvi kwenye miamba ya pwani kwa kutumia bromaidi. Nafanya kazi ya visima Dar es Salaam, na nina vipimo vya upitishaji umeme vya visima 60 nilivyochukua mwenyewe kwa misimu miwili. Visima 17 kati ya hivyo vina chumvi ingawa viko zaidi ya kilomita mbili kutoka baharini. Ningependa kujaribu njia yako hapa, ambako kuna vyoo vya shimo vingi juu ya mchanga. Nina mpango wa kuomba skolashipu ya Jumuiya ya Madola inayofungwa Oktoba. Je, unachukua wanafunzi kwa mwaka ujao, na wazo hili liko karibu na unachopenda kusimamia? Nimeambatanisha ukurasa mmoja na CV." Basi. Hakuna kujidhalilisha, hakuna kumsifu mtu. Anayeisoma anaona ndani ya nusu dakika kwamba huyu ana data, amesoma, ana mpango wa hela, na anauliza swali linalojibika kwa ndiyo au hapana. Wiki tatu baadaye alikuwa na majibu manne kutoka kwa watu wanane, mmoja akamwita kwa kikao cha video.

Asipojibu, subiri siku kumi mpaka kumi na nne umkumbushe mara moja, kisha songa mbele. Na tafadhali usiandikie watu wawili wa idara moja siku moja, wanaongea.

Sweden na Uholanzi msimamizi yuko ndani ya tangazo. Jina lake limeandikwa, mara nyingi na imeili yake kwa ajili ya maswali. Kumwandikia "naomba unisimamie" hakusaidii kitu, kwa sababu nafasi inashindaniwa na maombi lazima yapite kwenye mfumo wa chuo. Kinachofaa ni swali la kweli moja kuhusu mradi, kwa mfano vipimo vitafanyika nchi gani, au modeli wanayotumia ni ipi. Kama huna swali la kweli, usiandike, omba tu. Chunga kitu kimoja, kule unachukua msimamizi pamoja na mradi wake kama vilivyo, kwa hiyo kabla hujasaini ongea na mwanafunzi wake mmoja wa sasa, wengi watakueleza bila kuficha.

Propozo, hapa ndipo watu wengi wanapotea

Neno ni moja ila karatasi ni tatu tofauti.

Kwa vyuo vyetu vingi, mwanzoni wanataka konsepti noti, kurasa chache. Propozo kamili inakuja ukishapokelewa, unaiandika na wasimamizi, unaitetea idarani na ngazi za juu, na kwa utaratibu wa vyuo kadhaa usajili wako unakuwa wa muda mpaka hiyo propozo ipite. Yaani yale mambo ya kurasa 22 yana siku yake, ila sio siku ya kuomba. Kwenye zile kurasa tatu kamati inatafuta mambo mawili: kuna tatizo la kweli ambalo halijajibiwa, na linawezekana kufanyika hapa kwa hela na muda uliopo. Ndio maana konsepti noti ya dogo tuliijaza mambo ya chini kabisa, visima vingapi, ataingiaje kwenye maboma ya watu, nani amempa ruhusa, sampuli za bromaidi zitapimwa maabara gani na kwa bei gani kila chupa, akikosa hela ya bromaidi atabaki na kipimo gani. Hilo la mwisho ndilo lililomfurahisha mhadhiri, alisema wengi wanaandika kana kwamba vifaa viko kabatini. Na kama utafiti wako unagusa wagonjwa, damu au taarifa zao, weka muda wa kibali cha maadili kwenye ratiba yako toka siku ya kwanza, NIMR na kamati za vyuo zina vikao vyake, havikai kwa ajili yako.

Uingereza propozo ya maombi kwa kawaida ni kama maneno 1,000 mpaka 2,000, kila idara ina kikomo chake na ukikizidisha wanaona hufuati maelekezo. Kule inafanya kazi mbili kwa mpigo, inamshawishi msimamizi na inashindana na za wengine kwenye kamati ya ufadhili, ambayo baadhi yao sio watu wa fani yako. Kwa hiyo uzito unahamia kwenye swali na pengo. Umesoma nini, watu wamefika wapi, wamebishana wapi, wewe unaingilia wapi. Ya dogo ilikuwa na kurasa sita za historia ya maji Tanzania ndio ufike kwenye swali. Tukazifuta zote. Sasa aya ya kwanza inaanza na vile visima 17 vyenye chumvi mbali na bahari, ya pili inasema maelezo mawili yanayoshindana, ya tatu inaeleza kwa nini kipimo cha kloraidi peke yake hakiwezi kuamua na bromaidi inaweza. Mpango wa kazi nusu ukurasa. Na kwa skolashipu za maendeleo kama hiyo ya Jumuiya ya Madola kuna sehemu ya kueleza matokeo yatatumika vipi nyumbani na nani, hapo usiandike "itasaidia jamii", andika ni mamlaka gani inatoa vibali vya visima na ramani yako itaingia kwenye uamuzi gani.

Ila elewa kwamba propozo ya Uingereza sio kiapo. Watu wengi wanabadilisha mwaka wa kwanza na inaeleweka. Wanachopima ni namna unavyofikiri.

Sweden na Uholanzi mara nyingi hakuna propozo yako kabisa. Ile ya dogo iliyokaa kimya alikuwa ameomba nafasi ya mradi wa modeli za maji ya ardhini pwani ya kwao, akaambatanisha kurasa 22 za Kigamboni. Fikiria wewe ndio unasoma, una hela ya kumlipa mtu miaka minne afanye kazi uliyokwisha iandika, anakuja mtu anakwambia yeye ana kazi yake nyingine. Kinachotakiwa ni barua ya kurasa moja au mbili inayojibu tangazo sharti kwa sharti. Wamesema uzoefu wa kuchukua sampuli, andika visima 60 na misimu miwili. Wamesema programu ya modeli, taja uliyotumia na ulifanyia nini, kama hujaitumia sema uliyokaribia nayo. Wamesema kuandika kwa Kiingereza, ambatanisha tesisi ya masta na pepa kama ipo. Tofautisha lile wanalosema ni lazima na lile wanalosema ni la ziada, ukikosa la lazima acha, ukikosa la ziada omba tu. Baadhi ya matangazo yanataka kurasa moja au mbili za mawazo yako juu ya mradi, hapo unaonyesha ungeanzaje kwenye swali lao, hata kama moyo wako uko Kigamboni.

Na hapa ndio hesabu ya moyo wa mtu. Hapa nyumbani na Uingereza wazo ni lako. Sweden na Uholanzi wazo ni la mradi, wewe unapata mshahara, maabara na mbinu utakazorudi nazo. Sioni ubaya wa upande wowote, ila ukienda huko ukiwa unalilia wazo lako la nyumbani, miaka minne itakuwa mirefu.

Kalenda

Hapa nyumbani mwaka wa masomo unaanza Oktoba au Novemba, na maombi ya shahada za juu unapeleka chuoni moja kwa moja kwenye mfumo wao wa onlaini, unalipia kwa kontrol namba. Vyuo vingine vinapokea zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kinachokula muda ni vikao, kwa hiyo peleka mwanzo wa dirisha usisubiri mwisho. Kama masta yako ni ya nje, cheti lazima kitambuliwe na TCU, lianze hilo kabla ya mengine yote. Mfanyakazi wa serikali anza na barua ya ruhusa ya mwajiri, hiyo nayo ina safari yake.

Uingereza kalenda inahesabiwa kinyumenyume. Dogo anataka kuanza Oktoba ya mwaka ujao, na skolashipu ya Jumuiya ya Madola inafungwa Oktoba ya mwaka huu, mwaka mzima kabla. Oxford na Cambridge kwa wanaotaka ufadhili ni kati ya mwanzo wa Desemba na Januari. Tukahesabu hivi: Oktoba katikati maombi yote yameingia, mwisho wa Septemba maelezo ya msimamizi yawe mkononi, kwa hiyo msimamizi awe amekubali kabla ya Agosti maana Agosti kule watu wako likizo na imeili zinalala. Kukubali kunachukua wiki sita kuanzia imeili ya kwanza, pamoja na kikao cha video na kurekebisha ukurasa wako, basi imeili zitoke katikati ya Juni. Kusoma pepa na kuandika huo ukurasa, Aprili na Mei. Transkripti na cheti cha Kiingereza vianze hapo hapo, na uliza kwanza kama chuo kinakubali barua kwamba ulisoma kwa Kiingereza kabla hujalipia mtihani. Kumbuka skolashipu na chuo ni maombi mawili tofauti, kupata moja sio kupata nyingine.

Rekomendesheni ndizo zilizoniumiza mimi mwenyewe mwaka ule wa kwanza nilipoomba. Nilimwambia mwalimu wangu wiki moja kabla, akakubali kwa moyo mweupe, halafu akaenda msibani kijijini ambako mtandao unashika kwenye kilima tu. Linki ikafungwa saa sita usiku barua haijaingia, na maombi yangu yakahesabika hayajakamilika. Sikumlaumu, kosa lilikuwa la kwangu. Sasa hivi namwambia kila mtu mpe mwalimu wiki sita, mtumie CV, propozo na tarehe kwenye ujumbe mmoja, mkumbushe zikibaki wiki mbili, na uwe na mtu wa tatu wa akiba.

Sweden na Uholanzi hakuna msimu mmoja. Matangazo yanatoka mwaka mzima, kila moja linakaa wazi wiki kadhaa tu kisha linafungwa. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuwa tayari muda wote: transkripti, tesisi, CV na majina ya watu wawili watatu wa rekomendesheni viwe kwenye folda moja, ili tangazo likitoka kazi ibaki kuandika barua. Ya Uholanzi mengi yako AcademicTransfer, ya Norway Jobbnorge, ya Ulaya kwa jumla Euraxess, na Sweden pita kwenye kurasa za nafasi za kazi za vyuo vyenyewe. Weka taarifa zije kwenye imeili. Ukiitwa interviu weka kichwani kwamba baada ya kukubaliwa bado kuna kibali cha kuishi, usiache kazi kabla hakijatoka.

Hela

Kwa ufupi maana hili lina mwisho wake. Nyumbani ada ni ndogo kuliko nje lakini wengi wanajilipia au wanalipiwa na mwajiri, na gharama inayovunja watu ni ya data zaidi ya ada, usafiri, sampuli, maabara. Uliza kabla kama chuo kinadai pepa zilizochapishwa ili umalize, maana nazo zina muda wake na wakati mwingine malipo. Uingereza ada ya mwanafunzi wa kimataifa ni kubwa kiasi kwamba bila skolashipu barua ya kupokelewa ni karatasi tu, nimeona watu wanazo tatu na hawajaondoka. Sweden hakuna ada ya PhD na kwa kawaida unaajiriwa, masomo ni miaka minne kamili, na ukipewa kazi za idara kama kufundisha zisizozidi asilimia 20 inafika mitano. Unalipa kodi kama mfanyakazi yeyote. Uholanzi kawaida ni miaka minne, Norway mitatu au minne ukifundisha.

Nani aende wapi

Kama una familia, kazi usiyoweza kuiacha, na swali lako limefungwa na mahali hapa, nyumbani kuna faida ambayo huko hawana, kisima kiko nusu saa kutoka kwako na unaweza kurudi kila msimu. Hakikisha tu hela ya vipimo unayo kabla hujaanza na msimamizi ni mtu anayemalizisha wanafunzi. Mhadhiri msaidizi anayesomeshwa na chuo chake pia aulize kuhusu mipango ya sandwichi, ambapo unasajiliwa pande zote au unakaa nje miezi kadhaa kwa ajili ya maabara na kurudi.

Kama wazo ni lako kweli kweli, una data kidogo ya kuanzia, una mwaka mzima wa kusubiri na GPA inayosimama kwenye ushindani, nenda Uingereza, ila anza Aprili sio Septemba. Kama unasoma haya Septemba na huna msimamizi, mwaka huu ruka hiyo skolashipu ya Oktoba, tumia muda huo kwa zile za Desemba na Januari au jipange kwa mwaka unaofuata.

Kama unachotaka ni mbinu, maabara na kipato, na hujafunga ndoa na mada moja, tangazo la Sweden, Norway au Uholanzi linakufaa kuliko kuhangaika na propozo. Omba nafasi chache zinazokulingana, tano kwa mwaka zilizoandikwa vizuri, kila moja na barua yake.

Na wapo wa kufanya mbili kwa pamoja. Dogo tulimpangia hivyo. Konsepti noti ya kurasa tatu imekwenda idarani, msimamizi mmoja Uingereza amekubali kumuandikia, na folda ya matangazo iko tayari kwenye laptopu. Kurasa 22 hatujazitupa, zimewekwa zisubiri siku ya kutetea propozo. Wiki hii yuko Kigamboni na chupa 40 za plastiki, anachukua sampuli kabla mvua hazijaanza, kwa sababu yule profesa kwenye video alimuuliza swali moja tu ambalo hakuwa na jibu lake: kiangazi uwiano unabadilika?